Hodhi Ghorofani: Sakafu Itabeba, Maji Je?

Zamani hodhi la kuogea lilikuwa likijibanza kwenye pembe ya bafu, limezungushiwa matofali na kuvikwa marumaru. Siku hizi limetoka pembeni. Ukiingia kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi utalikuta katikati ya ukumbi, jeupe, lina umbo la yai, haliegemei ukuta wowote, na bomba lake refu limechomoza sakafuni kando yake. Mteja aliyekwisha kuliona kwenye picha za hoteli hulizunguka mara mbili, kisha humpigia simu fundi wake na kumuuliza swali moja: slabu ya juu itabeba?

Swali ni la haki. Ila kwa nyumba ya zege iliyojengwa kwa nondo zinazotosha, jibu lake ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Kesi ngumu iko kwenye tangi la maji, kwenye hita, na kwenye kile kiungo cha bomba la maji machafu kitakachofichwa chini ya hodhi na kisionekane tena mpaka dari ya sebuleni ilowe. Na zipo nyumba ambazo hata swali la uzito lina jibu baya. Nyumba hizo tutafika kwake.

Tuchukue bafu la kawaida la ghorofa ya kwanza, kama yalivyo mengi katika nyumba za familia zinazoota Goba, Madale na Kigamboni: urefu mita 2.4, upana mita 1.8. Humo kuna choo cha kukaa, karo la kunawia na shawa, na mwenye nyumba anataka kuondoa shawa aweke hodhi la sentimita 150 kwa 75. Hilo ndilo dogo ambalo mtu mzima anaweza kujinyoosha ndani yake bila magoti kumfika kidevuni.

Uzito wa hodhi tupu hutegemea limetengenezwa kwa nini. La akriliki, yaani plastiki ngumu inayong'aa, la ukubwa huo huwa na kilo 40 hivi. Watu wawili hulipandisha ngazi bila kutukanana. La chuma cha kalibu, lile la kizamani lenye miguu minne iliyochongwa kama ya mnyama, hufika kilo 140 au zaidi. Yale ya mchanganyiko wa unga wa mawe na gundi, ambayo ndiyo yanayopendwa sasa kwa kuwa hayang'ai sana, huwa karibu na chuma kuliko plastiki. Kisha ongeza maji. Hodhi la ukubwa huu hujaa mpaka kwenye tundu la juu la kumwagia kwa kama lita 200. Lakini mtu hajazi lita 200 kisha akaingia, kwa sababu mwili wake utayasukuma maji nje. Mtu wa kilo 70 huhitaji lita 130 hivi, na mwili wake hupandisha maji yaliyobaki. Kwa hiyo hesabu ni hii: maji kilo 130, mtu kilo 70, hodhi la akriliki kilo 40. Jumla ni 240. Kwa hodhi la chuma jumla ni 340. Tuzidishe kidogo kwa usalama, tuseme 250 na 350.

Sasa slabu. Kanuni za usanifu za Uingereza, ambazo wahandisi wetu wamezitumia kwa miaka mingi, hutaka sakafu ya nyumba ya kuishi ihesabiwe iweze kubeba kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Bafu letu lina mita za mraba 4.32, kwa hiyo limepangiwa kubeba kama kilo 650 za watu na vitu. Hodhi la chuma likiwa limejaa, na mwenyewe yuko ndani anaimba, linachukua kidogo zaidi ya nusu ya kiasi hicho.

Fundi makini atapinga hapo: uzito huo haukutandazwa chumba kizima, umekaa kwenye eneo la hodhi tu. Ni kweli. Ukigawa kilo 350 kwa nafasi ambayo hodhi limeikalia, unapata kilo 310 kwa mita ya mraba, mara mbili ya ile 150. Lakini slabu ya zege haibebi kila kipande kivyake. Nondo zake zinakwenda pande mbili, na uzito uliowekwa mahali pamoja husambazwa kwa majirani mpaka kwenye bimu na kuta. Chumba kikiwa kidogo hilo ni heri, maana kuta ziko karibu. Bafu dogo la zege, kwa upande wa nguvu, ni mahali pazuri pa kuweka hodhi kuliko chumba kikubwa cha kulala ambacho katikati yake pako mbali na kila bimu.

Jambo moja hunishangaza. Mtu huyohuyo anayekosa usingizi kwa kilo 250 za hodhi amepandisha tangi la lita 2,000 juu ya slabu ya paa, tani mbili zilizosimama kwenye duara ambalo watu wanne wangelizunguka kwa mikono, na hakumuuliza mhandisi yeyote. Na si tangi tu. Mabafu mengi ya ghorofani slabu yake imeshushwa chini kidogo ili mabomba yapite, kisha shimo hilo likajazwa kifusi au mchanga na kusakafiwa juu. Kina cha sentimita 30 cha kifusi hicho kina uzito wa kilo 500 hivi kwa kila mita ya mraba. Mafundi wameshamwaga humo mzigo unaozidi hodhi, tena kwa chumba kizima, kabla hodhi halijaagizwa. Kama mhandisi aliuhesabu, sawa. Kama slabu ilimwagwa kwa macho ya fundi, basi nguvu ya ziada unayoitegemea huenda imeshatumika.

Kwa hiyo kabla ya kununua, shuka chini utazame dari iliyo chini ya bafu lenyewe. Unatafuta ufa unaopita katikati ya chumba, zege lililobanduka na nondo kuchungulia, madoa ya kutu, au dari iliyobonyea, ambayo utaigundua kwa kuvuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiona kimojawapo, acha habari ya hodhi kwanza, maana una tatizo ambalo lingekuwepo hata ukioga kwa kopo. Pia angalia bafu limekaa wapi. Kama liko kwenye sehemu ya slabu iliyochomoza nje bila nguzo chini, kama roshani iliyozibwa kuta ikafanywa bafu, ule usambazaji wa uzito niliousifu haupo. Mzigo wote unaning'inia upande mmoja. Hapo, na pale ambapo nyumba haina michoro ya nondo, mlipe mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje atazame. Gharama yake haifanani hata kidogo na ya kubomoa slabu.

Tatizo linalotokea zaidi kuliko slabu kupasuka ni marumaru kupasuka. Hodhi la miguu minne hushusha kilo zake 350 kwenye vipande vinne vidogo vya chuma. Zikigawanyika sawa, kila mguu unabeba karibu kilo 90. Lakini sakafu ya bafu letu haiko sawa, na haitakiwi kuwa sawa: fundi ameilaza kidogo ili maji yakimbilie tundu la sakafuni, sentimita moja au mbili kwa kila mita. Hodhi la mita moja na nusu likiwekwa juu ya mlalo huo bila kurekebishwa, husimama kwa miguu miwili na kugusa tu kwa mingine. Sasa mguu mmoja una kilo 175 kwenye eneo dogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Marumaru nzuri iliyolazwa juu ya gundi iliyotanda kote chini yake itavumilia. Iliyobandikwa kwa mabonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, kama mafundi wengi wenye haraka wanavyofanya, ina uwazi chini, na mguu ukiangukia kwenye uwazi huo marumaru inavunjika. Ufa wenyewe ni mwembamba, lakini unapitisha maji.

Kipimo chake ni cha bure. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga kila marumaru pale hodhi litakapokaa. Iliyoshiba hutoa mlio mfupi, mkavu. Yenye uwazi hulia kama debe tupu. Zinazolia zing'olewe na kulazwa upya. Kisha hodhi lisawazishwe kwa skrubu za miguu yake na pima maji, si kwa vipande vya karatasi ya boksi. Hodhi lenye sketi inayofika chini nalo lina miguu yake midogo iliyofichwa ndani, na ndiyo inayobeba. Sketi ni pambo. Nimeona mafundi wakipiga silikoni kuzunguka sketi kabla hawajagusa ile miguu, na mwenye nyumba akagundua siku ya kwanza kwamba maji hayaishi, yanabaki bwawa upande wa kichwani, kwa sababu mlalo wa sakafu umeumeza mlalo wa hodhi.

Basi tumemaliza zege. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni habari nyingine.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe, na za Lamu vilevile, ghorofa zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo hupangwa karibukaribu kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake huwekwa mawe ya matumbawe, kisha tabaka nene la kokoto na chokaa lililopigwa mpaka likashikana. Upana wa vyumba, ambao hauzidi sana mita tatu, uliamuliwa na urefu wa boriti zenyewe. Sakafu hiyo ni nzito sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya boriti inatumika kuibeba sakafu yenyewe. Tena uzito hausambai kama kwenye zege. Kila boriti inabeba kilicho juu yake, na jirani yake anasaidia kidogo tu. Hodhi likiwekwa kwa urefu sambamba na boriti, mzigo wote huangukia boriti chache. Likikatiza boriti, hugawanywa kwa nyingi. Hilo pekee linaweza kuamua kama sakafu itabonyea.

Adui mkubwa wa boriti, hata hivyo, ni maji. Chokaa hunywa maji taratibu na kuyashikilia. Kiungo cha bomba kinachovuja tone moja moja kitailowesha sakafu mwaka mzima bila mtu kuona, na boriti huoza mahali pasipoonekana, kwenye ncha zilizozama ndani ya ukuta. Ukiichoma ncha hiyo kwa bisibisi ikaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, usiweke hata pipa la maji hapo. Wale waliojenga enzi hizo walilijua hili. Hamamu ya Hamamni, iliyojengwa kwa amri ya Sultani Barghash, na ile ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Sultani Said, mahodhi yake yako chini, juu ya ardhi. Kwa nyumba ya boriti ushauri wangu ni uleule: hodhi likae chini, au lisikae. Na mwenye nyumba ndani ya eneo la hifadhi asisahau kwamba mabadiliko ya ndani nayo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Turudi kwenye bafu letu la zege, tuhesabu maji.

Lita 130 kwa kuoga mara moja. Shawa ya kawaida hutoa lita saba au nane kwa dakika, kwa hiyo anayeoga dakika nane ametumia lita 60 hivi. Anayeoga kwa ndoo na kopo humaliza shughuli kwa lita 20, na anatoka msafi vilevile. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa kila kitu: kunywa, kupika, kufua, kuoga na choo. Hodhi moja, basi, linavuka mahitaji ya mtu ya siku nzima.

Kwenye mtaa ambao bomba halikatiki hilo ni suala la bili tu. Mitaa mingi tunayoishi si ya namna hiyo. Maji ya mgao yakija mara mbili kwa wiki, tangi la lita 1,000 ndilo linaloivusha familia. Mahodhi saba yanalimaliza, kabla hata sufuria halijaoshwa. Familia ya watu wanne, kila mmoja akijilaza mara moja tu kwa wiki, itatumia lita 520 kwa starehe hiyo peke yake. Anayenunua maji ya boza anaijua bei ya lita 520 kwa mtaa wake kuliko mimi. Kwangu, chini ya tangi la lita 2,000 kwa familia ya watu wanne, hodhi litageuka pambo la kuwekea nguo chafu, na nimeyaona ya namna hiyo zaidi ya moja.

Maji ya moto nayo yana hesabu yake, na hapa ndipo wauzaji wanaponyamaza. Maji ya kujilazia yanatakiwa yawe na nyuzijoto 40 hivi. Maji ya tangi Dar es Salaam yana kama 27, na hita iliyowekwa nyuzijoto 60 itahitaji kuchangia lita 51 katika zile 130. Hita ya lita 50, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye nyumba nyingi, haitoi lita 50 za moto: maji baridi huingia nyuma kadiri ya moto yanavyotoka, na baada ya lita 35 au 40 kinachotoka ni vuguvugu. Kwa hiyo hodhi litajaa nusu la moto, nusu la majuto. Unahitaji hita ya lita 80. Arusha, Iringa, Limuru, mahali ambapo maji ya tangi asubuhi yana nyuzijoto 18, sehemu ya moto inapanda hadi lita 68, na hita ya lita 100 ndiyo itakayokuridhisha. Umeme wenyewe si mwingi kiasi hicho, yuniti mbili kwa hodhi moja pwani na tatu na robo hivi kwenye baridi, mbali na unaopotea kwenye hita.

Wanaotumia shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo ukutani, wasidanganyike kwamba itajaza hodhi. Ya kilowati tano na nusu inaweza kutoa lita sita za joto hilo kwa dakika pwani, na lita tatu na nusu tu nyanda za juu. Hiyo ni zaidi ya dakika 20 za kungoja Dar es Salaam na zaidi ya nusu saa Iringa, huku maji yaliyotangulia yakipoa.

Kisha presha. Kila mita kumi za kimo cha tangi hutoa presha ya baa moja. Nyumba yetu ina tangi kwenye mnara wa mita sita; sakafu ya ghorofa iko mita 3.3 kutoka chini, na mdomo wa bomba la hodhi uko karibu mita moja juu ya sakafu. Tofauti iliyobaki haifiki mita mbili, yaani chini ya baa 0.2. Mabomba mengi ya kusimama kando ya hodhi yametengenezewa maji ya mijini ya Ulaya na huhitaji baa moja kwenda juu ili yatiririke kama kwenye picha. Kwa presha yetu utapata uzi wa maji, lita nne au tano kwa dakika, na nusu saa ya kungoja. Pampu ya kuongeza presha inaondoa tatizo, nayo inataka umeme usiokatika. Usinunue hodhi kabla ya kufanya jaribio hili: weka ndoo ya lita 20 chini ya shawa iliyopo, fungua koki yote, tazama saa. Ikichukua dakika nne kujaa, hodhi litachukua dakika 26.

Mbali na maji na uzito kuna nafasi, na kwa bafu dogo nafasi ndiyo inayonifanya nisite zaidi. Hodhi la sentimita 150 likilazwa kwenye ukuta wa 180 linabakiza sentimita 15 kila upande, na nyuma yake utaacha 15 nyingine, la sivyo halitakuwa la kusimama peke yake tena. Mkono wenye kitambaa hauingii vizuri kwenye sentimita 15. Humo nywele, povu na unyevu vitakutana, na mende watafuata. Ili pasafishike panahitajika sentimita 25, ambazo chumba hiki hakina. Mbele ya hodhi zinabaki mita moja na nusu za choo, karo na mlango, ambazo zinatosha kwa kubanana, ila shawa imekwenda. Ukiirudisha juu ya hodhi, unahitaji pazia la kuzunguka lote, maana hodhi hili halina ukuta wa kuzuia maji, na pazia lililolowa lina tabia ya kumkumbatia anayeoga. Na siku maji yakikatika, pale pa kuweka ndoo ukasimama ukaoga hapapo. Bibi naye, akija kukaa mwezi mmoja kutoka kijijini, ataukuta ukingo wa sentimita 58 wa kuruka kwa mguu mmoja ulioloa, bila ukuta wala chuma cha kushika karibu.

Limebaki tundu la kutolea maji. Hodhi lililojengewa ukutani lina kidirisha pembeni ambacho fundi bomba hukifungua akafikia kiungo. La kusimama peke yake halina. Bomba lake hushuka moja kwa moja sakafuni, na kwenye slabu iliyopo hilo maana yake ni kutoboa zege au kuinua sakafu. Kutoboa tundu moja la duara kwa mashine kati ya nondo ni kazi ya kawaida. Kuchimba mfereji kwa tindo mita nzima mpaka kwenye bomba kuu, huku nondo zikikatwa kwa kuwa zimekaa njiani, ni kuiibia slabu nguvu ileile uliyokuwa ukiiulizia mwanzo. Fundi akikuambia atakata nondo "moja mbili tu", msimamishe. Kuinua sakafu sentimita 10 ni salama zaidi, ila ni mzigo wa ziada wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba ukitumia zege la kawaida, na utalazimika kupanda ngazi kuingia bafuni.

Baada ya dawa ya kuzuia maji kupakwa sakafuni na kabla ya marumaru, ziba tundu la sakafu, jaza maji kina cha sentimita tano chumba kizima na uyaache saa 24. Kwa bafu letu hiyo ni lita 216, kwa hiyo jaribio linapima uvujaji na wakati huohuo linaiwekea slabu mzigo unaokaribia wa hodhi. Weka alama ya kina ukutani kwa penseli, na tazama dari ya chini asubuhi. Hodhi likishafungwa, lijaze mpaka maji yaingie kwenye tundu la juu, uliache usiku kucha, kisha vuta kizibo na upapase kiungo cha chini kwa karatasi kavu ya chooni wakati maji yanashuka. Karatasi ikilowa, fungua. Silikoni ipigwe baada ya hapo, si kabla.

Kwa bafu hili la mita 2.4 kwa 1.8, kama ndilo bafu pekee la familia, ningebaki na shawa. Anayetaka kujilaza kwa vyovyote vile aweke hodhi la kujengewa kwenye pembe, lenye kidirisha cha kufikia bomba na shawa juu yake. Linabana chumba kidogo zaidi na kuta mbili zinashika maji. La kusimama peke yake nitalikubali pale tu ambapo nyumba ina bafu jingine lenye shawa, tangi la lita 2,000, pampu na hita ya lita 80, tena liwe la akriliki. La chuma ni zuri kwa macho, lakini kilo 100 za ziada hazimuongezei anayeoga chochote.

Ukienda dukani, muulize muuzaji mambo matatu na umwambie ayaandike kwenye risiti: hodhi tupu lina kilo ngapi, linachukua lita ngapi mpaka tundu la juu, na bomba lake linataka presha ya baa ngapi. Asipoyajua, pesa yako isitoke mfukoni siku hiyo.